Chumba cha Kushikiza

Kuruthumu, mke wangu, ndiye aliyekuwa akisema. Mimi nilikuwa nashona. Mteja akija na godoro lake la sufi limelala kama chapati, yeye ndiye aliyepatana naye bei, akamuuliza hali ya watoto, akamwambia siku ya kuja kulichukua. Mimi nilikuwa nyuma kwenye vumbi la sufi, sindano mdomoni, naitikia kwa kichwa. Tuliishi hivyo miaka mingi katika chumba kimoja cha nyumba ya Harilal, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Alipofariki, chumba kilibaki na mtu asiyesema.

Wapangaji wenzangu walikuwa watu wema. Mwanzoni walikuja kukaa nami uani. Lakini ukikaa na mtu asiyesema unachoka, nami siwalaumu. Wakawa wananisalimu wakipita ukumbini, naitikia, basi. Jioni nilikuwa nikisikia redio tatu za vyumba vitatu, kila moja na habari yake, na kwangu kimya.

Na kazi nayo ilikuwa imekufa. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Bidhaa zilishuka kila siku, Kariakoo ikafurika sabuni, redio, viatu, na magodoro ya sponji yaliyoviringishwa kama mkeka. Mtu alinunua asubuhi, akaweka kichwani, akaenda zake. Nani tena angeleta godoro la sufi lipigwe na kujazwa upya? Nilibaki na viti. Mtu mmoja mmoja aliniletea kiti chake nikipige kitambaa, na wengi wao waliniletea kwa ajili ya kumkumbuka Kuruthumu.

Ndipo nikaletewa salamu kutoka Dodoma. Kulikuwa na hoteli moja ya zamani inatengenezwa upya, na makochi yake yalikuwa ya ile kazi ya zamani, ya springi na sufi na kamba zilizosukwa chini. Vijana walikuwa wameyashindwa. Msimamizi aliwahi kuwa mteja wetu alipoishi Ilala, akanikumbuka. Kazi ilikuwa ya miezi minne, na malazi juu yao.

Nilitaka kwenda. Sikuwa na hamu ya Dodoma, nilitaka mikono ipate kazi. Lakini chumba nitakiacha vipi?

Mtu wa mbali anaweza kuona ni jambo dogo, funga mlango uende. Kariakoo ya miaka ile haikuwa hivyo. Kila mwenye nyumba ya bati alikuwa akiota ghorofa, na kila mfanyabiashara alikuwa akitafuta stoo. Chumba kilichofungwa kilikuwa kama mtu aliyelala sokoni na mkoba wazi. Na kodi haisubiri. Ukiwa Dodoma, mwezi wa kwanza utatuma kwa mtu, wa pili yule mtu atasahau, wa tatu utasikia vitu vyako viko uani.

Ukimweka mtu bila idhini, ndiyo mbaya zaidi. Jirani yetu mmoja, fundi saa, alikwenda Tabora akamwacha mpwa wake chumbani. Aliporudi mwenye nyumba akampeleka Baraza la Nyumba, kwamba amepangisha nyumba ya mtu bila ruhusa. Fundi saa akaapa kwamba aliruhusiwa kwa mdomo. Wakamwuliza kibali cha maandishi kiko wapi. Hakuwa nacho, akatolewa chumbani. Kuruthumu alimpelekea uji wiki nzima alipokuwa akilala barazani kwa watu. Tangu siku hiyo alikuwa akisema, mwenye nyumba mpe heshima, lakini mwombe karatasi.

Nami kile chumba sikuwa tayari kukipoteza. Hakikubaki kingine kilichokuwa cha sisi wawili.

Mtu wa kumweka nilimpata upesi. Alikuwa binti wa Kichaga, Paskalina, aliyeuza vyombo katika duka la jumla la kaka yake, Elisaria, mtaa wa pili. Aliishi kwa kaka yake huyo, na wifi, na watoto, na maboksi ya chupa za chai mpaka darini. Alikuwa ameshachumbiwa, harusi ilikuwa Moshi, miezi mitano mbele, na baada ya hapo angekwenda kwa mumewe. Alichotaka ni mahali pa kulala kwa miezi hiyo bila kukanyagwa na mtoto. Tulielewana kwa maneno machache. Angelipa kodi ileile ninayolipa mimi, angeipeleka mwenyewe dukani kwa Harilal, na risiti ingeandikwa jina langu.

Ilibaki karatasi.

Nilikwenda Posta, kwa wale wapiga taipu wanaokaa kivulini na mashine zao. Kusoma na kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na barua ya kawaida naiweza. Lakini hii nilitaka iwe na sura ya barua. Nikapata mmoja mwenye miwani.

Akaniuliza nataka kumwandikia nani. Nikamwambia, mwenye nyumba yangu. Akaniuliza, kuhusu nini. Nikamwambia nasafiri Dodoma kikazi, naomba idhini ya maandishi ya kukabidhi chumba tarehe mosi.

Akapiga. Akageuza uso.

“Hayo tu, mzee?”

“Hayo tu.”

“Huongezi neno? Karatasi bado ina nafasi.”

Nikasema yanatosha. Kuhusu Paskalina na miezi nilidhani nitayasema nikiulizwa. Mke wangu angekuwa pale, yule mpiga taipu angejua mpaka jina la mchumba wa Paskalina. Alinisomea, nami nikaisoma mwenyewe, nikaona sawa. Nikatia sahihi.

Dukani nilimkuta Jeet, mtoto wa Harilal. Baba yake alikuwa ameshaacha biashara, miguu haimchukui, anakaa nyumbani upande wa Kisutu. Zamani lilikuwa duka la kanga na vitenge. Jeet alikuwa ameligeuza la taa na nyaya. Alikuwa na simu sikioni, na kijana wa mzigo anamsubiri, akaipokea barua, akaisoma palepale akiwa amesimama. Akanitazama kwa huruma kidogo.

“Dodoma, mzee?”

Nikasema ndiyo.

“Vizuri. Bongo imekuwa ngumu kwa wazee.” Akasema nije kesho kutwa, majibu yatakuwa tayari.

Nilirudi siku hiyo, akanipa bahasha. Nilikwenda kuifungulia chumbani. Iliandikwa kwamba ombi langu la kukabidhi chumba limekubaliwa, kwamba ufunguo ukabidhiwe tarehe mosi kabla ya saa sita, na kwamba ananitakia maisha mema Dodoma. Chini kulikuwa na sahihi na muhuri wa duka.

Nilifurahi. Nilisimama na ile karatasi katikati ya chumba, nikataka kumwonyesha mtu. Nikaikunja nikaiweka mfukoni, nikaanza kufunga sindano zangu na nyundo kwenye gunia.

Jioni Paskalina alikuja kupima dirisha, ashone pazia. Nikampa barua asome. Alisoma mara moja, akakaa kwenye kigoda, akasoma tena.

“Mzee, hapa hujaruhusiwa kuniweka.”

Nikamwambia asome vizuri, pameandikwa kukabidhi. Mimi namkabidhi yeye.

“Hapana. Wewe unamkabidhi yeye, Jeet. Wanasema umehama. Tarehe mosi unawarudishia chumba chao. Ndiyo maana wanakutakia maisha mema.”

Nikaichukua. Nikaisoma kama ninavyosoma siku zote, kidole kwa kidole. Maneno yalikuwa yaleyale. Yalikuwa yamegeuka tu, kama kanga uliyoishika upande wa ndani ukidhani ni wa nje.

Kwetu, kumkabidhi mtu kitu ni kumwachia akutunzie. Unamkabidhi jirani mtoto wako unapokwenda sokoni, na hujamzaa upya. Kuruthumu alikuwa akimkabidhi mama wa chumba cha tatu sufuria jikoni, na hakuna aliyedhani kamgawia. Lakini kwa mwenye nyumba, mpangaji anayekabidhi chumba ni yule anayetoa vitu vyake, anafagia, anarudisha ufunguo na kuaga. Jeet hakunidhulumu. Alisoma nilichoandika, na nilichoandika ni kuondoka.

Paskalina aliniuliza tutafanyaje. Hakunilaumu, lakini alikuwa ameshamwambia wifi yake kwamba anahama. Nikamwambia asubiri.

Asubuhi nilikwenda dukani. Nikamweleza Jeet kwamba sihami, naondoka kwa miezi minne tu, na nataka kumweka mtu. Safari hii aliweka simu chini.

“Mzee, sasa unanipa kazi. Nimeshampa mtu kile chumba. Ana kontena linashuka, anataka stoo. Nimemwambia tarehe mosi.”

Nikasema lilikuwa kosa la neno tu.

“Neno lako, mzee. Si langu. Na nikuulize, huyo unayemweka kakupa kilemba kiasi gani?”

Kilemba, kwa asiyejua, ni ile pesa ya kificho anayopewa mpangaji anayetoka na yule anayeingia, kama vile chumba ni chake cha kuuza. Kariakoo ilikuwa imejaa habari hizo, na Jeet hakuwa na sababu ya kunitofautisha. Nikasema sikupokea kitu. Akasema wote wanasema hivyo. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma bei.

Nikatoka. Nilisimama nje ya duka nikitafuta la kufanya. Kama ningeacha safari, ningebaki na chumba? Hapana, barua yangu walikuwa nayo. Kama ningekwenda, ningekwenda moja kwa moja. Na vitu vya mke wangu ningevipeleka wapi, kwa nani? Hatukujaliwa mtoto.

Nikatembea mpaka Kisutu, kwa baba mtu.

Harilal alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba roshanini, blanketi magotini na jua lote lile. Mkwewe Mansi, mke wa Jeet, alinifungulia, akanipa maji, akarudi kwenye mashine yake ya kushonea iliyokuwa mlangoni mwa roshani hiyohiyo. Sikuwa nimemwona mzee huyo kwa muda mrefu. Tulikuwa tumejuana angali anakuja mwenyewe kudai kodi kwa baiskeli, na Kuruthumu akimzuia mlangoni mpaka anywe chai, naye akikataa, na mwisho akinywa akiwa amesimama.

“Fundi,” akasema. “Bado unapiga sufi?”

Nikamwambia sufi imekwisha, sasa viti. Akasema kwake kanga zimekwisha, sasa nyaya. Tukanyamaza kidogo, na kile kimya hakikunisumbua, maana kilikuwa cha watu wawili.

Nikatoa nakala ya kaboni ya barua yangu na jibu la Jeet, nikampa. Akamwita Mansi amsomee, macho yake hayakuwa yakishika herufi. Mansi akasoma. Harilal akaniuliza, unahama kwa nini?

Nikafungua mdomo. Najua ningeanza kueleza ningepotea njiani, kueleza siyo kazi yangu. Nikaona pale kwenye mashine ya Mansi blauzi imeshikizwa kwa uzi mweupe, mishono mirefu mirefu ya kuvuta na kutoa. Nikamwonyesha.

“Bwana Harilal, mimi nilitaka kushikiza. Yule mpiga taipu kashona.”

Akatazama ile blauzi. Akanitazama. Alianza kucheka polepole, tumbo likamtikisika mpaka blanketi likaanguka, Mansi akaja kuliokota.

“Kushikiza,” akasema. “Sasa nimeelewa. Unatia mtu apashike, usipoteze mahali. Ukirudi, unakata uzi.”

“Ndiyo.”

“Sasa kwa nini hukuandika hivyo, we mpumbavu?”

Nikasema msemaji wangu hayupo. Hakunielewa, au hakusikia vizuri, akaomba simu. Alizungumza na Jeet kwa Kigujarati kwa muda. Sauti ya Jeet niliisikia mpaka nilipokaa, ikipanda na kushuka. Mzee alisikiliza zaidi kuliko alivyosema. Halafu akageukia Kiswahili, nadhani ili nami nisikie.

“Ameshatoa ufunguo? Hajatoa. Basi hajakabidhi. Ameandika tu kwamba atakabidhi, na leo anasema alikosea neno, na tarehe mosi haijafika. Huyo wa kontena mpe kile chumba cha uani alichohama yule Mpemba, kikiisha matengenezo. Huyu amelipa tangu wewe hujaota meno.”

Jeet akasema jambo. Mzee akaitikia, akaniuliza ile habari ya kilemba. Nikamjibu kama nilivyomjibu mwanawe. Akasema haya, lakini iandikwe, maana Jeet ana haki ya kuogopa.

Mansi akavuta kiti, akachukua kalamu. Ndivyo nilivyoona karatasi ya kweli inavyoandikwa. Kila neno lilitafutiwa mahali. Aliniuliza jina kamili la Paskalina na anafanya kazi wapi. Akaandika kwamba mwenye nyumba anaridhia mpangaji wake amweke mtu huyo na si mwingine, kuanzia tarehe mosi mpaka Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nne tangu hapo. Kwamba mpangaji anabaki kuwa mimi, na chochote kikiharibika nitaulizwa mimi. Kwamba kodi ni ileile, haizidi, na risiti ni jina langu. Kwamba huyo aliyewekwa hana ruhusa ya kumweka mtu juu yake. Kwamba hakuna kilemba kilichotolewa wala kitakachotolewa. Kwamba siku zikiisha anatoka, nami naingia, na kama sijarudi wala sijaandika kuomba muda, chumba kinarudi kwa mwenye nyumba. Na kwamba barua zile mbili za mwanzo zimefutwa.

Harilal akamwambia aandike na neno kushikiza. Mansi akasema halijawahi kuonekana kwenye kibali. Mzee akasema litaonekana leo. Likaandikwa kwenye kichwa cha barua: Idhini ya Kumshikizia Mtu Chumba kwa Muda.

Kisha Mansi akaniuliza, kalamu bado mkononi:

“Niandike mnaondoka wawili? Wewe na mama?”

Hakujua. Msiba wetu ulikuwa wa Waislamu wa Kariakoo, uswahilini, habari hazikuvuka mpaka Kisutu. Jeet alijua labda, lakini ana mambo mengi.

Nikasema, “Mmoja.”

“Mama anabaki?”

“Alifariki. Kabla ya mfungo.”

Mansi akaweka kalamu chini. Harilal aliuliza nimesema nini, akaambiwa kwa Kigujarati. Akakaa ameshika mikono ya kile kiti. Halafu akauliza nani sasa anampikia fundi chai. Nikasema napika mwenyewe. Akasema yeye mke wake alikwenda mwaka wa mafuriko, na hapa nyumba imejaa, na bado. Hakumaliza.

Mansi akaandika: mpangaji, mtu mmoja.

Nilikuwa sijaliona limeandikwa. Nilikuwa nimelisema kwa watu, nimelisikia msikitini, nimelikubali kaburini. Lakini pale lilikaa kwa wino mweusi, katikati ya habari za kodi na ufunguo, kama jambo la kawaida la chumba. Nikatia sahihi chini yake. Harilal akatia yake. Nakala mbili. Zote nikampelekea mjumbe wetu, Zahoro, akazisoma akiwa na mswaki mdomoni, akazigonga muhuri kuwa shahidi, akaniuliza neno kushikiza limetoka wapi. Nikamwambia ni la kifundi.

Jeet sikumkuta na kinyongo. Nilipompelekea nakala yake aliipokea, akasema mzee wake akishika jambo hata Mungu anasubiri nje. Akanitakia safari njema, safari hii bila maisha mema.

Tarehe mosi Paskalina alikuja na sanduku moja, godoro la sponji na boksi la vyombo alilopewa na kaka yake. Nikamwonyesha mlango unavyokwama wakati wa mvua. Nikamwonyesha zamu ya kufagia uani. Vitu vya mke wangu nilivifunga kwenye shuka, nikaviweka juu ya kabati. Hakuuliza ni nini. Nikampa ufunguo na nakala yangu ya kusoma, nikaenda stesheni na gunia langu.

Dodoma ni upepo. Nilifanya kazi kwenye ukumbi mkubwa wa ile hoteli, makochi yamepinduliwa miguu juu, nami katikati yake. Jioni nilikula jikoni na mlinzi mmoja Mgogo ambaye naye hakuwa msemaji. Tuliheshimiana. Usiku nilikuwa nikiamka sijui mlango uko upande gani. Nikakumbuka kuwa Narung'ombe yupo mtu, taa imewashwa, mtu anaoga, anapika, na nikarudi kulala. Ajabu ni kwamba jambo hilo lilinituliza. Mwezi mzima kabla ya safari chumba kile kilikuwa na mimi ndani yake, na kilikuwa kitupu.

Kazi iliisha mapema kidogo. Msimamizi alinilipa, akanipa na soda ya safari. Nikateremka Dar siku ya Jumatano.

Nikatembea na gunia begani mpaka mtaani. Nikaingia ukumbini. Mlangoni kwangu kulikuwa na pazia la maua mekundu, na kandambili mbili za kike zimepangwa. Ndani mtu anaimba chini chini wimbo wa kanisani. Harufu ya vitunguu. Nilisimama. Mkono ulikwenda kwenye komeo wenyewe, nikaurudisha.

Nikapiga hodi.

“Karibu!”

Ilikuwa sauti ya mwanamke, kutoka ndani ya chumba changu. Nikabaki hapo kwenye pazia. Paskalina akafungua, mkono una kisu cha kumenyea.

“Shikamoo mzee. Jamani. Mbona unapiga hodi kwako?”

Nikaitikia marahaba. Nikamwambia leo Jumatano, mpaka Jumamosi ni kwake.

Akasema niache mambo hayo, atafunga vitu vyake sasa hivi, atalala kwa kaka. Alikuwa ameshaanza kuvuta sanduku kwa mguu. Nikamwambia karatasi imesema Jumamosi, na mimi na Harilal tuliisaini. Kama nataka ilinde haki yangu, haiwezi kumnyima yeye yake. Nitalala Ilala kwa binamu.

“Basi angalau ukae unywe chai,” akasema.

Nikakaa. Nilikaa kwenye kigoda, upande wa mgeni, karibu na mlango. Kitanda kilikuwa kimegeuzwa, kichwa kimeelekea dirishani, na kweli hewa ilikuwa nzuri zaidi. Alinimiminia chai kwenye kikombe chake, akanisimulia mambo ya ukumbini: nani kagombana na nani kwa ajili ya maji, nani kajifungua, Jeet kaja mwenyewe mara moja kutazama paa na kamkuta anafua, akamwuliza je, wewe ndiye yule wa kushikizwa. Mtaa mzima sasa unamwita hivyo. Kule dukani kwa kaka yake wateja wanamtania, wanamwuliza atashonwa lini kabisa, anawajibu Moshi, mwezi ujao. Alisema sana. Mimi niliitikia kwa kichwa.

Alhamisi nikapita tena, na Ijumaa baada ya swala. Kila mara nilipiga hodi, kila mara nikakaribishwa. Mlangoni nilikuwa nachelewa kidogo kabla ya kuingia.

Jumamosi asubuhi kaka yake alimleta mpagazi na mkokoteni. Paskalina alikuwa amefagia, amefuta mpaka juu ya kabati, na lile furushi la shuka likiwa palepale. Akanihesabia risiti zote, jina langu, nikazitia mfukoni. Akanipa ufunguo kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema asante mzee, Mungu akutunze, nikifika Moshi nitakuandikia.

Nikamwambia aandike marefu.

Mkokoteni ulipopinda kona ya mtaa, nikarudi ukumbini. Pazia lake alikuwa amelitoa. Nikafungua kwa ufunguo, nikaingia, nikageuza kitanda kama kilivyokuwa. Halafu nikakaa juu yake, nikaona hewa haipiti, nikakigeuza tena alivyokuwa amekiweka yeye.

Redio za ukumbini zikaanza. Nikatoka nje na kigoda, nikakiweka mlangoni pangu, kwenye njia ya watu. Mama wa chumba cha tatu akapita na ndoo, akanisalimu.

Nikamwambia Dodoma kuna upepo.

Akaweka ndoo chini.